Dawa za mafua: namna ya kusoma viambato na kuhesabu parasetamoli kabla ya kumeza

Upepo wa kusi unaposhika na ubaridi wa Juni na Julai kuingia Tanga, maduka ya dawa kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni hupokea ombi lilelile kutwa nzima: "Naomba dawa ya mafua, ile kali." Anayeomba hupewa vidonge vya mafua, na mara nyingi huongeza mwenyewe panadol za kichwa, dawa ya maji ya kikohozi na kidonge cha maumivu ya mwili. Akifika nyumbani huwa na dawa nne zenye majina manne na rangi nne, kila moja ikiwa na maelekezo yake sahihi, na huamini kwamba kila moja inafanya kazi tofauti. Mara nyingi sivyo. Tatu kati ya hizo huenda zina dawa moja ileile ndani, nayo ni parasetamoli, na akizinywa zote kwa kufuata maelekezo ya kila bahasha anaweza kuvuka kiwango ambacho ini linaweza kukihimili.

Mwongozo huu unahusu hatari hiyo moja. Utaeleza kwanza kilichomo ndani ya dawa za mafua na kinavyofanya kazi, kisha namna ya kukagua dawa ulizonazo, kuhesabu, kuchagua, na kutambua kwamba mtu amekwisha kuzidisha.

Kwanza hakikisha kwamba ni mafua

Katika mkoa wenye malaria kama Tanga, homa haiwezi kuitwa mafua kwa kuangalia tu. Mafua ya kawaida huanza kwa koo kuwasha, kupiga chafya na pua kutoa maji, na kwa mtu mzima homa yake huwa ndogo au haipo kabisa. Mtu mwenye homa kali, anayetetemeka kwa baridi, au mwenye homa bila dalili zozote za pua na koo, apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kabla ya kununua chochote. Kipimo kina faida ya pili inayohusu mada yetu: mgonjwa aliyekutwa na malaria hupewa dawa mseto na mara nyingi huongezewa parasetamoli ya kushusha homa. Akiendelea na vidonge vya mafua alivyokuwa navyo nyumbani, tayari ana parasetamoli kutoka sehemu mbili, na aliyempa ya pili hakuwa na habari ya ile ya kwanza.

Jambo jingine la kupita haraka ni antibayotiki. Mafua husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi.

Kilichomo ndani ya kidonge cha mafua

Hakuna kiambato hata kimoja katika vidonge hivi kinachoponya mafua. Mwili hujiponya wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki 3. Vidonge hupunguza adha tu, na kila kiambato kina adha yake. Kidonge cha mchanganyiko huwa na viambato viwili, vitatu au zaidi kutoka katika makundi yafuatayo. Majina nimeyaandika kwa Kiswahili, hivyo tahajia ya kwenye boksi itatofautiana kidogo, lakini ukilisoma kwa sauti utalitambua.

Parasetamoli ndiyo msingi wa karibu vidonge vyote vya mafua. Hufanya kazi zaidi katika ubongo na uti wa mgongo, ambako hupunguza utengenezaji wa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi ndizo zinazopandisha joto la mwili na kuongeza hisia ya maumivu. Ndiyo maana hushusha homa na kutuliza kichwa na koo, lakini haifungui pua wala haikaushi kamasi. Nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Katika bidhaa zinazotoka Marekani dawa hiihii huandikwa asetaminofeni, na ndugu wanaoletewa dawa na jamaa walioko huko wanapaswa kulijua jina hilo.

Klorofeniramini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton, ndiyo inayoleta usingizi. Huzuia histamini na kukausha kamasi kidogo. Dawa za maji za kikohozi za usiku nyingi zina difenhidramini, ambayo ni ndugu yake wa karibu na hufanya kazi ileile. Ukizitumia zote mbili, kinachoongezeka sana ni usingizi, ukavu wa kinywa na kuchanganyikiwa, hasa kwa wazee, na mzee wa kiume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Dereva wa bodaboda au wa bajaji asinywe yoyote kati yake akiwa kazini.

Dawa za kuzibua pua zinazomezwa ni sudoefedrini na fenilefrini. Pua huziba kwa sababu mishipa midogo ya damu ndani yake imevimba, nazo huibana mishipa hiyo. Tatizo ni kwamba hubana pia mishipa ya mahali pengine, na hivyo mwenye presha asizinywe bila ushauri. Kuhusu fenilefrini kuna jambo ambalo mnunuzi anastahili kulijua: mwaka 2023 jopo la washauri la Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani lilipitia ushahidi na kukubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa dozi inayouzwa, haizibui pua. Sehemu kubwa yake huvunjwa utumboni na kwenye ini kabla ya kufika puani. Kwa maoni yangu, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutolipa zaidi kwa ajili ya kidonge kinachojinadi kwayo.

Kundi la kikohozi lina dekstromethorfani, ambayo hutuliza kikohozi kikavu, na gwaifenesini au bromheksini, ambazo hulainisha makohozi. Faida yake ni ndogo. Mwisho kuna kafeini, ambayo huongezewa ili kuipa nguvu kidogo dawa ya maumivu na kupunguza uchovu. Panadol Extra, kwa mfano, ni parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65 katika kidonge kimoja. Wingi wa parasetamoli ni uleule wa Panadol ya kawaida, kwa hiyo ile ya pili haiongezwi juu ya ile ya kwanza.

Ini hufanyaje parasetamoli kuwa sumu

Ukinywa parasetamoli kwa kipimo, ini huifunga sehemu kubwa yake na kuitoa kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo, kama asilimia 5 hadi 10, hupita njia nyingine na kugeuka kuwa kemikali kali yenye uwezo wa kuua chembe za ini. Hilo hutokea kila unapokunywa panadol, na halina madhara kwa sababu ini lina akiba ya kinga iitwayo glutathioni, ambayo huinasa kemikali hiyo mara inapotengenezwa.

Dozi inapozidi, njia za kawaida hujaa na parasetamoli nyingi zaidi husukumwa kwenye ile njia ya sumu. Akiba ya glutathioni hutumika kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuitengeneza, hadi inapungua mno, na kuanzia hapo sumu hushambulia chembe za ini zenyewe. Kwa hiyo kuzidisha si lazima kuwe kunywa vidonge vingi kwa mkupuo. Mtu anayezidisha kidogo kila siku, siku tatu au nne mfululizo, anaweza kuimaliza akiba hiyo polepole bila kuhisi lolote, na watu wa namna hii mara nyingi hufika hospitali wakiwa wamechelewa kuliko yule aliyemeza nyingi kwa mara moja, kwa kuwa wao hawajui kwamba wamefanya kosa.

Akiba hiyo hailingani kwa watu wote. Hutengenezwa kutokana na protini tunayokula, na mgonjwa aliyekosa hamu ya kula kwa siku kadhaa huwa nayo kidogo. Mnywaji wa kila siku, awe wa bia au wa mnazi, ana akiba ndogo na pia ile njia ya sumu imepanuka. Baadhi ya dawa za kifafa na za kifua kikuu nazo huipanua njia hiyo. Mtu mwenye hali mojawapo kati ya hizi asikitumie kiwango cha juu kabisa. Amwulize mfamasia au daktari, na kwa kawaida ataambiwa apunguze.

Hatua ya kwanza: tandaza kila kitu mezani

Kusanya dawa zote ambazo mgonjwa amemeza tangu jana na zile anazokusudia kumeza leo: vidonge, dawa za maji, unga wa kuchanganya na maji ya moto, na hata vile vidonge vya kiuno alivyopewa na jirani. Dawa za kupaka kifuani na mafuta ya kunusa ziache pembeni, hazihusiki na hesabu hii.

Hapa ndipo Watanzania wengi hukwama, kwa sababu dawa haikununuliwa na boksi lake. Mtoa dawa hukata kipande cha vidonge vinne au sita kwa mkasi, hukitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake "2x3". Jina la dawa limebaki kwenye kipande kingine dukani, na orodha ya viambato imebaki kwenye boksi. Bahasha hiyo inamweleza mgonjwa ameze vidonge viwili mara tatu kwa siku, lakini haimwelezi anameza nini. Kwa hiyo, ukiwa bado kaunta, omba uoneshwe boksi na ulipige picha kwa simu upande wenye viambato, au mwombe mtoa dawa aandike kwenye bahasha jina la kila kiambato na miligramu zake. Ni ombi la kawaida na mtoa dawa aliyesomea kazi yake hatakasirika. Dawa iliyopo nyumbani ambayo hakuna anayejua ilivyo, irudishe dukani ilikotoka ikatambuliwe, ikishindikana isinywewe.

Hatua ya pili: tafuta parasetamoli katika kila pakiti

Usisome jina kubwa la mbele wala maneno yanayoahidi nguvu. Geuza boksi utafute mahali palipoandikwa kila kidonge kina nini, au kila mililita 5 zina nini ikiwa ni dawa ya maji. Usitegemee jina la biashara hata kidogo, kwa sababu kampuni moja inaweza kutumia jina lilelile na rangi zilezile kwa bidhaa tatu zenye viambato tofauti.

Zipo bidhaa mbili ambazo watu huzisahau. Ya kwanza ni vidonge vya maumivu vinavyochanganya diklofenaki au ibuprofeni na parasetamoli, vinavyonunuliwa kwa ajili ya mgongo na viungo. Mnunuzi hufikiri amenunua dawa ya mifupa. Ya pili ni unga wa mafua wa kuchanganya na maji ya moto, wenye ladha ya ndimu, ambao kwa sababu unanyweka kama chai, haumjii mtu akilini anapoulizwa amemeza dawa gani.

Hatua ya tatu: jumlisha kwa saa 24

Kiwango cha mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi ni miligramu 500 hadi 1,000 kwa mara moja, kukiwa na angalau saa 4 kati ya dozi na dozi, na jumla isizidi miligramu 4,000 ndani ya saa 24. Kwa vidonge vya miligramu 500, hivyo ni vidonge 8. Mtu mzima mwenye uzito chini ya kilo 50 hesabu yake hufuata uzito: miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, na miligramu 60 kwa kila kilo kwa siku nzima. Mama mwenye kilo 40, kwa mfano, mwisho wake ni miligramu 2,400 kwa siku, ambavyo kwa vidonge vya miligramu 500 ni vinne tu vizima. Akipewa bahasha ya "2x3" kama ya mtu mwingine yeyote, atakuwa amezidisha bila kuongeza dawa nyingine.

Hesabu saa 24 kurudi nyuma, siyo tangu kulipopambazuka, maana dozi ya saa 4 usiku bado imo.

Sasa tuchukue mfano wa fundi uashi wa Makorora mwenye kilo 58, ambaye ana mafua, kichwa kinamgonga na mgongo unamuuma kwa sababu ya kazi. Saa 1 asubuhi anameza vidonge viwili vya mafua pamoja na kidonge kimoja cha mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli. Saa 4 asubuhi, akiwa juu ya jukwaa na kichwa bado kinauma, anameza Panadol Extra mbili. Saa 8 mchana anarudia vidonge viwili vya mafua. Saa 11 jioni anameza tena Panadol Extra mbili. Saa 2 usiku anameza vidonge viwili vya mafua na kile kimoja cha mgongo, anakunywa kipimo cha dawa ya kikohozi ya usiku, na kabla ya kulala mkewe anamtengenezea kikombe cha unga wa mafua.

Tuseme kila kidonge cha mafua kina parasetamoli miligramu 500 na klorofeniramini miligramu 2, kidonge cha mgongo kina parasetamoli 500, na unga wa kikombe kimoja una parasetamoli 500. Hesabu yake ya siku inakuwa hivi:

- Vidonge vya mafua: 6 × 500 = 3,000
- Panadol Extra: 4 × 500 = 2,000
- Vidonge vya mgongo: 2 × 500 = 1,000
- Unga wa mafua: 1 × 500 = 500
- Jumla: miligramu 6,500

Amemeza parasetamoli sawa na vidonge 13, wakati mwisho wake ni 8. Tukigawanya 6,500 kwa kilo 58 tunapata takriban miligramu 112 kwa kila kilo, na wataalamu wa sumu huanza kumchunguza mtu anapovuka kama miligramu 75 kwa kilo ndani ya siku moja. Tazama pia kwamba hakuna bahasha hata moja aliyoikiuka: vidonge vya mafua amekunywa 2x3, Panadol Extra 2x2, cha mgongo 1x2, na unga kikombe kimoja. Hata nafasi ya saa 4 ameifuata kwa kila dawa peke yake. Alichokosa ni kuihesabu saa 4 kwa kiambato. Kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi zimepita saa 3 tu, na alikuwa tayari na miligramu 1,500 tumboni alipoongeza 1,000 nyingine.

Makundi mengine nayo yamejirudia, ingawa kwa hatari ndogo. Ana kafeini miligramu 260 kutoka kwenye Panadol Extra peke yake, kabla ya kuhesabu chai, na huenda ndiyo itakayomnyima usingizi. Usiku amechanganya klorofeniramini na difenhidramini ya dawa ya kikohozi, hivyo kesho yake atapanda jukwaa akiwa na kizunguzungu. Akirudia mpango huu siku tatu huku hali chakula vizuri, amekwisha kuwa katika kundi linalohitaji kupimwa ini.

Hatua ya nne: chagua kwa kiambato kimoja kimoja

Njia salama zaidi, na mara nyingi ya bei nafuu, ni kuacha vidonge vya mchanganyiko na kununua kiambato kimoja kwa kila adha uliyonayo. Fundi wetu anahitaji parasetamoli ya kawaida, vidonge viwili asubuhi, viwili mchana na viwili usiku, jumla miligramu 3,000. Hiyo itatuliza kichwa, koo na mgongo kwa pamoja, kwa kuwa parasetamoli haichagui kiungo. Haina haja ya kununuliwa mara tatu kwa majina ya viungo vitatu. Pua ikimsumbua, maji ya chumvi ya kusafishia pua yanasaidia, na dawa ya matone ya puani yenye zailometazolini hufungua vizuri kuliko kidonge, ila isizidi siku 5, kwa maana ikizidi pua huizoea na kuziba zaidi inapoachwa. Usiku, kamasi zikimzuia kulala, anaweza kuongeza klorofeniramini miligramu 4. Kikohozi atakituliza kwa asali katika maji ya tangawizi ya uvuguvugu, ambayo haishindwi na dawa nyingi za maji za dukani.

Asiyetaka kuacha vidonge vya mchanganyiko, kwa sababu ni rahisi kubeba, anaweza kuvitumia kwa sharti moja: visiambatane na dawa nyingine yoyote ya maumivu au homa yenye parasetamoli. Akichagua vidonge vya mafua, panadol ziwekwe kabatini. Kichwa kikimuuma kabla ya saa 4 kupita, anasubiri.

Wapo wanaodhani ibuprofeni ni njia ya kukwepa hesabu. Ni kweli kwamba haimo katika hesabu ya parasetamoli, lakini ina hesabu yake: isichanganywe na diklofenaki wala aspirini, kwani zote ni za kundi moja linaloumiza tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo au mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila kumwuliza daktari, na mjamzito vilevile.

Watoto

Dawa za mchanganyiko za mafua na kikohozi hazipaswi kupewa mtoto aliye chini ya miaka 6. Faida yake haijathibitika na madhara yake yanajulikana. Mtoto mwenye homa apewe parasetamoli peke yake, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa dozi, isizidi mara 4 kwa siku. Kichanga cha chini ya miezi 3 chenye homa kipelekwe kituo cha afya bila kujaribu dawa nyumbani.

Kosa linaloumiza watoto ni kuchanganya dawa mbili za maji zinazofanana. Dawa ya maji ya kawaida ya parasetamoli huwa na miligramu 120 katika mililita 5, wakati matone ya watoto wachanga yanaweza kuwa na miligramu 100 katika mililita 1 tu. Mama aliyezoea kumpa mtoto kijiko cha mililita 5 cha ile ya kwanza, akinunua chupa ya matone na kutumia kijiko kilekile, atampa miligramu 500 badala ya 120. Mtoto wa kilo 10 dozi yake ni miligramu 150. Soma miligramu kwa mililita kila unaponunua chupa mpya, na upime kwa kikombe au bomba lililokuja na chupa hiyohiyo, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini isipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16, kwa sababu ya ugonjwa nadra wa ubongo na ini unaohusishwa nayo. Asali nayo isipewe mtoto wa chini ya mwaka 1.

Ukigundua kwamba kiwango kimezidi

Dalili za parasetamoli ni za kudanganya. Katika siku ya kwanza mtu anaweza asihisi chochote, au apate kichefuchefu, kutapika na kutokwa jasho, mambo ambayo mwenye mafua huyahesabu kuwa ni ya ugonjwa uleule. Siku ya pili kichefuchefu kinaweza kupungua na mtu kujiona amepona, huku ini likiwa linaharibika. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu ndiyo ishara ya kwanza yenye kueleweka. Kuanzia siku ya tatu au ya nne macho huwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, damu hutoka kirahisi kwenye fizi, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Kungojea ishara hizo ni kungojea mno.

Kwa hiyo uamuzi wa kwenda hospitali hufanywa kwa hesabu na hausubiri maumivu. Mtu aliyevuka miligramu 4,000 kidogo mara moja na ana afya njema aache parasetamoli zote na awasiliane na mfamasia au kituo cha afya siku hiyohiyo. Aliyevuka miligramu 75 kwa kila kilo ndani ya saa 24, aliyezidisha kwa siku kadhaa mfululizo, mtoto aliyepewa zaidi ya kipimo, au yeyote aliyemeza nyingi kwa mkupuo, aende hospitali mara moja hata kama anajisikia vizuri. Kwa mtu wa Tanga mjini hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Asitapishwe, na asipewe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu, kwani hayaizuii sumu hii.

Kinzasumu ya parasetamoli ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi kwa kulirudishia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni. Hufaulu zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, lakini hutolewa hata baada ya hapo, kwa hiyo muda uliopita usiwe sababu ya kubaki nyumbani. Daktari atataka kujua mambo matatu: miligramu ngapi, uzito wa mgonjwa, na saa ya kila dozi. Saa ina maana kubwa, kwa sababu kipimo cha parasetamoli katika damu hulinganishwa na chati maalumu kwa mtu aliyemeza kwa mara moja, tena ikiwa zimepita angalau saa 4. Kwa aliyemeza kidogo kidogo kama fundi wetu chati hiyo haitumiki, na matibabu huamuliwa kwa jumla aliyomeza pamoja na vipimo vya ini. Andika saa hizo kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na utie bahasha, vipande na chupa zote kwenye mfuko mmoja uende nao, pamoja na zile zilizokwisha.